Mrija C

Wanafunzi walimwita Mwalimu Figo, na kwa miaka ishirini na mbili hakuwa na nguvu ya kuwakataza. Mitihani ya mwaka wa kwanza ilikuwa mzigo wake peke yake. Mashine ya chuo ilikuwa ikichapa kila mchoro kama masizi ya sufuria, kwa hiyo alilazimika kuueleza mchoro kwa maneno, mwanafunzi auone kichwani kisha ataje sehemu na kazi zake. Kazi ya kumtoa mtu roho!

Alikuwa na kautaratibu kake. Maelezo humpa karani, asiyejua figo wala bandama, ayachore kwa kalamu. Mchoro ukitoka sawa, swali limepita. Mwaka jana alichoka, akaruka hatua hiyo. Mwaka huu alichoka zaidi, akachukua swali lilelile la mwaka jana, ila karani alimdai maelezo yake.

Karani akachora figo iliyopasuliwa kwa urefu, na mirija mitatu kwenye ubavu uliobonyea. Kalamu ikasimama.

"Mwalimu, umesema A ndiyo pekee inayoingiza damu. Halafu C ni mrija unaotoka. Si yote miwili iliyobaki inatoka? C ni upi?"

"Ni ule wa..." Mwalimu akauinamia mchoro. Ureta hutoa mkojo. Vena nayo hutoka hapohapo, ikirudisha damu iliyochujwa. Mwaka jana yeye alikuwa amekubali jibu la ureta tu.

"Andika basi unashuka mpaka kwenye kibofu," karani akashauri.

"Nitakuwa nimewapa jibu la kazi yake. Andika unashuka kuelekea nyonga."

Swali likapona. Lakini moyo wake haukutulia. Akafungua kabati, akapekua karatasi za mwaka jana hadi vumbi likampalia. Waliojibu vena walikuwa wanne. Watatu walifaulu hata hivyo. Wa nne, msichana wa dawati la nyuma, alipata arobaini na nane, na kufaulu ni hamsini. Jina la mrija alama moja, kazi yake mbili. Mwaka huu anakariri darasa, anakaa palepale nyuma, haulizi kitu.

Akamwita ofisini, akamsogezea karatasi yake.

"Jibu lako lilikuwa sahihi, binti yangu. Swali langu ndilo lililokuwa bovu. Ulifaulu."

Msichana aliitazama ile mikwaju myekundu ya kalamu.

"Nilikuja kukuuliza, mwalimu. Nilisimama hapahapa. Ukasema umechoka, nirudi kesho."

"Mbona hukurudi?"

"Nilirudi."

Mwalimu aliona aibu. Akavuta karatasi amwandikie mkuu wa chuo. Mstari wa kwanza akaandika jina lake mwenyewe, kwamba ndiye aliyekosea, kisha akamsomea msichana kwa sauti.