Mfuko wa Yakobo

Yakobo Masanja, mjukuu wa Ng'wandu aliyefyeka pori la Mwamapalala, mwana wa Masanja aliyechimba lambo letu kwa jembe, ni mdogo wangu. Ukame ulipommalizia ng'ombe, alibakiwa na bwawa la sato tu. Dukani Bariadi alichagua chakula cha samaki chenye protini nyingi na punje ndogo zinazoingia midomoni mwa vifaranga, ila hakuunusa mfuko. Nyumbani tulikuta punje zimegandana kwa ukungu.

“Tutazianika, dada, kama pamba iliyonyeshewa.”

“Jua halitoi sumu ya ukungu, Yakobo.”

“Wewe umefuga samaki lini?”

Akawalisha. Sato wakaacha kula, wakaelea wachache wachache mpaka bwawa likabaki tupu.

Ndipo akamwita bintiye Kulwa.

“Tukipata vifaranga tena, dukani utakwenda wewe. Soma tarehe, fungua mfuko, nusa kabla ya kulipa.”