Alama Sitini na Nane

Mwaka 2023, masika yakiishia na mpunga wa delta ukianza kupiga manjano, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mwaka wa kumi na mbili wa ujane wangu, nami nilikuwa mwalimu pekee wa Kiswahili katika sekondari yetu ya kata.

Jumanne, tarehe 23 Mei, Kidato cha Tatu walifanya mtihani wangu wa muhula. Wanafunzi kumi na wawili hawakuwapo, siku hiyo wala wiki nzima ya mitihani. Sababu haikuhitaji kuulizwa: msimu huo familia huhamia mashambani, na watoto hushinda katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, wakiamia ndege wasile mpunga.

Mmoja wao alikuwa binti niliyemtumainia kuliko wote. Alama za muhula huingia katika zile thelathini za maendeleo, ambazo hujumlishwa na sabini za mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne. Sifuri ya Mei ingemfuata hadi kwenye cheti. Mimi mwenyewe nilifanya mtihani ule nikiwa na miaka thelathini na miwili, mtahiniwa wa kujitegemea, bila alama hata moja ya darasani. Karatasi ilikuwa hukumu yote, na nilishinda. Kwa hiyo sikuipenda hesabu inayomhukumu mtoto kwa siku aliyokuwa akilinda chakula cha nyumbani kwao.

Jumamosi, tarehe 27, nilivuka kwa mtumbwi nikiwa na karatasi ile ile mkobani. Binti aliifanya juu ya dungu kwa saa tatu kamili. Mimi nilikaa chini, nikipiga debe ili ndege wasitue. Alipata sitini na nane. Niliiandika kwa wino, nikalala vizuri.

Usingizi huo ulidumu siku mbili. Jumatatu mwalimu wa taaluma, kijana anayefundisha hisabati vidato vyote vinne, alikuja na fomu ya alama.

"Madam, huyu hakuwapo Jumanne. Sitini na nane imetoka wapi?"

Nilimweleza. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Na wale kumi na mmoja?"

"Mashamba yao yako mbali, mwanangu. Mengine ni huko Mbwera."

"Kumbe kinachopimwa ni umbali wa shamba! Na karatasi ilikwishazagaa siku nne, mama yangu. Unajuaje hakusimuliwa?"

"Namjua."

"Hata mimi ninao ninaowajua."

Toka hapo sikupata raha. Orodha ya alama ilikuwa haijafungwa, na nilijua kwamba walimu wakiamua katika kikao cha Alhamisi asiyekuwapo apewe sifuri, binti angeangukia huko pamoja na wenzake, tena kwa mkono wangu. Nilisahihisha madaftari ya vidato viwili bila kukumbuka nilichosoma. Usiku wa kuamkia kikao nilizirudia hoja zangu mpaka zikawa hazina ladha.

Alhamisi, tarehe 1 Juni, mkuu wa shule alituita ofisini, walimu tisa. Alisema njia ni mbili: wote kumi na wawili wapewe sifuri, au wote watungiwe karatasi mpya, kila somo, wafanye hapa shuleni Jumatatu na Jumanne.

"Kila somo?" alishtuka mwalimu wa biolojia. "Mkuu, nina madaftari mia mbili hayajaguswa. Madam amebeba karatasi moja kwa mtumbwi, sasa sisi sote tunapiga kasia!"

Walicheka. Sikucheka. Nilisimama, nikasema kosa ni langu, na kwamba nitasimamia siku zote mbili peke yangu ili wao wabaki na kazi ya kutunga na kusahihisha tu.

Mikono iliinuliwa: mitano kwa karatasi mpya, minne kwa sifuri. Mkono wa tano ulikuwa wa yule kijana wa hisabati. Mkuu alinisogezea fomu. Niliifuta sitini na nane kwa mstari mmoja, nikatia saini kando yake, naye akatia yake. Muhtasari ukafungwa.

Alasiri ile nilivuka kwenda kumwarifu binti na kumwomba mama yake siku mbili. Mama alikubali, ijapokuwa kwa uso mzito. Binti alishuka dunguni, akaniamkia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Siyo karatasi ile ile, madam?"

"Siyo ile ile."

Alikuna kiganja chake, macho chini.

"Basi afadhali. Ile insha… binamu yangu alikwishanihadithia tangu Jumatano. Nilitaka kukwambia, ila ulikuwa umetoka mbali, na ulikuwa unanipigia debe."

Nilimwambia afike Jumatatu saa mbili kamili, na aje na kalamu mbili.