Miwani ya Marehemu Muhanad

Bi Muzna wa Nguvumali alishona kofia za mkono tangu hajaolewa, na wanaume wengi wa Tanga wameoa na kuzika wakiwa wamevaa kazi ya sindano yake. Mumewe Muhanad alipofariki, eda ilipokwisha, alichukua miwani ya marehemu akaivaa. Watu waliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Lakini macho hayarithiwi kama kanzu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kila sindano ilipomkataa alisema, "Hii miwani ya watu. Nikipata yangu, nitaona." Alipogonga miimo ya milango kwa bega la kushoto, alilaumu miwani. Alipomwaga chai iliyowekwa kushotoni kwake, miwani tena. Binti yake Maha, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, alicheka naye. Nami nawalaumu wote, maana kicheko kiliwachelewesha.

Ndipo duka dogo la miwani, katikati ya mji, likatangaza kwa kipaza sauti juu ya bajaji: kupima bure wiki nzima, fremu nusu bei. Bi Muzna akavaa baibui lake jema, akamburuta Maha.

Mpimaji alikuwa Leticia, mwenye duka mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kununua macho."

Leticia akacheka, akamwekea lenzi mezani. "Hii ni ya kazi moja, ya kusomea na kushonea tu. Pamoja na fremu, elfu arobaini. Ukitazama barabarani nayo, utaona ukungu. Hii yenye mstari ina sehemu mbili: juu unatazama mbali, chini unatazama karibu. Elfu sabini na tano. Hii haina mstari, nguvu inabadilika polepole kutoka juu kwenda chini. Laki mbili na ishirini, na inataka kuzoewa. Ukitaka inayojitia giza juani, unaongeza elfu thelathini. Ila usichague kabla sijakupima. Ghali si dawa."

"Mimi nataka yenye mstari," alisema Bi Muzna. "Nishone, nikiinua uso nimwone anayeingia."

Maha akabaki barazani. Ndani, Leticia alimfunika bibi jicho la kushoto. La kulia likasoma herufi za ubao wa ukutani mpaka mistari ya chini kidogo. Kisha akafunika la kulia.

"Soma, bibi."

"Nisome nini? Umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Leticia akampima presha ya macho kwa mashine, akamulika ndani ya kila jicho, kisha akakaa mbele yake. "Tazama pua yangu tu. Vidole vingapi hapa pembeni?" Bibi hakuviona mpaka vilipofika karibu na pua.

"Bibi, nitakwambia kweli. Ni presha ya macho. Haiumi, inakula kuanzia pembeni, mtu hajui. La kushoto limekwenda, na kilichokwenda hakirudi. La kulia limebaki na tundu la kati. Miwani ya marehemu haikukuharibu, ila ulikuwa unailaumu yenyewe, hukuja kupimwa. Nenda hospitali leo hii, watakuandikia dawa ya matone, uitie kila siku, hilo lililobaki lisiende."

"Na kofia?"

"Ya kazi moja itakusaidia kwa jicho hilo, kwa muda. Siwezi kukuuzia ya mstari kwa matumaini ambayo sina."

Bi Muzna alilia kwa sauti ndogo, kilio cha mtu asiyetaka kusikiwa barazani. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Niuzie hiyo ya arobaini. Nikitoka nitawaambia nimepona. Maha ana watoto, ana mambo yake. Mzigo wangu niubebe mwenyewe. Na wewe usimwambie."

"Siwezi kumwambia bila ruhusa yako, bibi. Lakini ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Ndugu zako na watoto wako waliotimiza arobaini wapimwe, hata wasipoona shida. Wewe ulichelewa kwa sababu hukujua shida ni ya macho."

Uchungu wa kuficha ni wa Bi Muzna mwenyewe, angeuvumilia. Lakini kumficha mwana kitu kinachoweza kumla mwana, hilo hakuliweza, na sidhani mama yeyote angeliweza.

Akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Maha alikuwa amesimama upande wa kushoto, akitabasamu, akisubiri kuulizia bei. Bibi aligeuza kichwa chote kumtafuta, akauona uso wake katikati ya ile nafasi ndogo iliyobaki, akautazama kwa muda.

"Mama, unaona sasa?"

"Njoo ndani, mwanangu," alisema Bi Muzna, akamshika mkono. "Kaa kwenye kile kiti. Nikwambie yaliyonipata, kisha akupime na wewe."