Mkia Uliokatwa Kwenye Picha

Ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu alikuwa kijijini Nyangezi, na wakwe zetu walikaa Ibanda, mjini. Walitaka kwanza kumwona kwa picha, ndipo wakubali aletwe. Nilimpiga picha moja ya ubavuni. Nyuma yake kulikuwa na lundo la samadi, na sisi tuna heshima zetu, kwa hiyo nilikata picha upande ule kabla ya kutuma.

Baba wa bibi harusi akajibu: "Uyu ngombe hana mukia."

Nikaangalia. Mkia ulikuwa umekwenda pamoja na samadi. Picha nzima ilikuwa bado kwenye simu, nikamtumia. Akasema huyo ni ng'ombe mwingine.

Hapo nilikasirika. Nilipiga picha sita, za kila upande, nikazituma zote pamoja, albamu moja. Kwenye kila picha niliuzungushia mkia duara jekundu kwa kidole na kuandika kando: MUKIA. Kwenye ile ya mbele, ambapo mkia hauonekani, nilichora mshale.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Tumeona mukia. Sasa mbona munautetea hivi? Uko na shida gani?"

Siku ya mahari muzee, yule baba wa bibi harusi, alimpita mdogo wangu aliyesimama na suti yake, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akavuta mkia mara mbili. Ng'ombe akampiga nao usoni.

Muzee akajipangusa polepole. "Mukia iko yake," akasema, ndipo akamsalimia mkwewe.