Kamba ya Nguo ya Vestina

Mwezi wa tatu sasa Epifania alikuwa hajaona kitambaa cha hedhi cha mkwe wake kikianikwa nyuma ya nyumba. Pale Kitahana, mwanamke akishaanza kuchungulia kamba ya nguo ya mwenzake, ujue moyo wake umeshafika mbali. Wa Epifania ulikuwa umefika dukani kwa Saidi.

Mwanawe Manirambona alikwenda Kigoma kutafuta kazi baada ya mavuno, nusu mwaka sasa, na hakuleta hata salamu. Mkewe Vestina alibaki na mama mkwe. Kila alipokwenda kununua chumvi, Saidi alicheka naye. Epifania akajumlisha mwenyewe.

"Mukazana, mke wa mwanangu, mimba hiyo ni ya nani?"

"Sina mimba, mama."

"Lisemwalo lipo."

Nani alilisema? Yeye mwenyewe, tena usiku na mchana. Akamkokota hadi hospitali Kibondo, ameshaapa kwamba ikithibitika, Vestina atarudishwa kwao Titye kabla jua halijazama. Vestina alitembea nyuma yake akilia kimyakimya.

Muuguzi Mwajabu alipima mkojo. Hakuna mimba.

Epifania hakusadiki. Huyu Mwajabu na Saidi si wanaswali msikiti mmoja? "Rudia," alisema.

"Kipimo hukosea mimba ikiwa changa mno, mama. Ya miezi mitatu kingeiona. Lakini narudia ili utulie."

Akarudia mbele ya macho yake. Hakuna. Ndipo Mwajabu akampandisha Vestina kwenye mizani, akatazama, akamtazama na yeye. Kitenge kilikuwa kimemzunguka karibu mara mbili.

"Umekonda sana. Unakula nini?"

Vestina aliinamia sakafu. Epifania akamjibia haraka: "Anakula jikoni. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ni heshima."

"Ukikonda hivi, mwili hausubiri ruhusa ya mtu, husimamisha siku zake," alisema Mwajabu. "Na mawazo ya mume aliyepotea nayo yanatosha kuzisimamisha. Tutapima damu na tezi ya shingo, maana kuna magonjwa yanayofanya hivyo pia. Akila vizuri na kupumzika zinaweza kurudi, lakini huenda ikachukua miezi."

Njiani Epifania alikuwa bado ana shaka, ila sasa shaka ilimgeukia mwenyewe, na haikumpa raha. Jioni alipoletewa ugali na maharage hakugusa. Alinyanyuka, akaingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mkwe aolewe.

Vestina alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga. Sufuriani mlikuwa na ukoko tu, ameuloweka maji ulainike.

"Kila siku?" aliuliza Epifania.

"Mihogo imebaki kidogo, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Vestina aliinua macho, si kwa ukali.

"Kila jioni ulikuwa unaomba kuongezewa ugali."