Ruhusa ya Kusoma

Chuo tulichofanyia kazi kilikuwa Ibra, Oman, na kompyuta kuu ya Linux, ile ambayo walimu na wanafunzi wote waliingia kwa majina yao, ilikuwa chini yangu peke yangu. Nalisema hili mwanzo, asije mtu akamtafuta mkosa kwengine.

Karani wa ofisi ya usajili alikuwa mzee mmoja wa Unguja aliyerudi Oman miaka ya sabini. Nilimwita ami, ingawa hatukuwa na damu moja. Baba yake na babu yangu walikuwa majirani Mjini, na kwa watu wetu hilo linatosha kabisa. Kila asubuhi nilipita ofisini kwake, mlango umezuiliwa kwa tofali usijifunge.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Chai ushakunywa?"

Hata kama nimekunywa, nilikunywa tena. Mtu hakatai chai ya ami yake. Na mtu hafungi mlango, wala kabati, mbele ya jamaa zake. Mama alitulea hivyo: ukigeuza ufunguo mbele ya mgeni, umemwambia yeye ni mwizi. Adabu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye kompyuta, mjinga mimi, kana kwamba kompyuta nayo ina majirani wema tu.

Nilimwandikia ami skripti, programu ndogo, ya kuingiza na kuchapisha alama za mitihani. Neno la siri la hifadhidata ya alama nililiweka kwenye faili dogo pembeni, ndani ya saraka yake ya nyumbani, yaani folda yake binafsi, na skripti ikawa inalisoma humo. Faili nililifungia: ruhusa 600, yaani mwenyewe tu asome na aandike, wengine wasione kitu. Lakini nililiunda nikiwa nimeingia kama root, msimamizi mkuu, kwa hiyo mwenyewe hakuwa ami. Mwenyewe alikuwa root.

Kesho yake akaniita. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yanayosema umenyimwa ruhusa. Alikuwa ameyaangalia muda mrefu, nadhani, maana chai yake ilikuwa imepoa.

"Umenifungia mlango, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningecheka, tungemaliza. Alisema kama mtu aliyegongewa mlango usoni na mtoto wa nyumba. Uso wangu ukawaka. Dawa yake ilikuwa amri moja, chown, ya kumfanya yeye mwenye faili. Lingebaki limefungwa kwa dunia nzima na kufunguka kwake tu. Mimi kwa haraka ya kumridhisha nikaandika amri ya kubadili ruhusa, chmod 644. Root asome na aandike, na kila mtu mwengine asome. Kila mtu. Na saraka za watumiaji wote nilikuwa nimeziacha zinapitika, ili kurasa zao za mtandao zionekane.

"Taib," akasema, skripti ilipokwenda. "Sasa tumekuwa watu."

Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho hiyo ilichukua miezi minane.

Muhula ulipokwisha, mwalimu mmoja akaona alama kwenye orodha iliyochapishwa si alizozitoa yeye. Wanafunzi kadhaa walikuwa wamepandishwa. Nikasikia habari hiyo nikiwa kwenye mashine, na mikono ikaenda yenyewe. Nikaorodhesha mafaili ya ami, nikaona zile herufi: rw-r--r--. Yule r wa mwisho, ruhusa ya kusoma ya watu wengine wote, alikuwa kakaa hapo muda wote. Mwanafunzi yeyote mwenye akaunti angeweza kulisoma neno la siri bila kuvunja chochote. Nikaandika chown, faili likawa la ami. Nikaandika chmod 600. Skripti nayo nikaifanya yake, ruhusa 700, aiendeshe yeye tu. Haikunichukua hata dakika moja, kazi safi, na nikavuta pumzi kama mtu aliyezima moto.

Sikuwa nimezima moto. Nilikuwa nimefagia nyayo za mwizi.

Nilikuja kuelewa siku ya kikao. Waliketi mkuu wa chuo, naibu wake, na mhandisi aliyeletwa kutoka Maskati. Mimi na ami tukakaa upande mmoja wa meza. Mhandisi alieleza kwa Kiarabu kilichonyooka: kumbukumbu za hifadhidata zinaonyesha alama zilibadilishwa kwa jina la ofisi ya usajili, kutoka ndani ya mashine ile ile. Saa hiyo wanafunzi wengi walikuwa wameingia, na ami pia, kwani yeye akiingia asubuhi hatoki mpaka jioni. Kisha akageuza kompyuta, kila mtu akaliona faili letu.

"Neno la siri limo humu," alisema. "Anayeweza kulisoma ni mwenyewe tu. Na root."

Akaniangalia. Mkuu wa chuo naye akaniangalia, akauliza, "Faili hili lilikuwa hivi siku zote?"

Nilikuwa na jibu, na ushahidi nilikuwa nao. Ungeiambia Linux ikuonyeshe wakati ruhusa zilipoguswa mwisho, si wakati maandishi yalipoandikwa, ingesema wazi kwamba zimeguswa baada ya alama kubadilishwa. Ilikuwa kuongeza herufi moja tu kwenye amri aliyoitumia mhandisi, na yeye hakuiongeza. Lakini aliyezigusa ni mimi, na ingeonekana nimeficha. Nikaogopa. Sitatafuta neno zuri zaidi la hilo.

Ami akaniwahi. "Huyu ndiye aliyenitengenezea," alisema. "Wallahi, mwanangu huyu hakosei. Kama kafunga, basi palifungwa."

Wazee wetu wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajificha nyuma ya methali hiyo. Nikainamisha kichwa, na kikao kikakichukua kichwa changu kuwa jibu.

Ami hawakumshitaki. Walimwambia apumzike, kwa heshima, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Alama zikarudishwa kutoka kwenye karatasi za walimu. Mwanafunzi aliyefanya hatukumjua hata leo. Siku ami alipoondoka, mtu alilitoa lile tofali, na mlango wa usajili ukajifunga.

Alikuwa anakaa Samad, kwenye nyumba ya ndugu zake kati ya mitende. Nilichelewa kwenda mpaka aibu ya kutokwenda ikazidi aibu ya kwenda. Alhamisi moja nikawasha gari, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno: ami, ni mimi, lilikuwa wazi, nililifunga baadaye.

Mlango wake wa nje ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi, nikasikia komeo likivutwa, kisha la pili.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Akafunga nyuma yangu, makomeo yote mawili, kisha akajaribu mlango kwa mkono. Alikuwa amekonda. Tulikunywa kahawa, tukala tende, akaniuliza habari za mama. Halafu akaweka kikombe chini.

"Nakuuliza wewe kwa sababu unajua. Lile neno la siri, huenda nililiandika pahala nikasahau? Kwenye karatasi? Maana nimefikiri, nimefikiri. Wewe ulifunga. Basi itakuwa mimi. Uzee huu, mwanangu. Siku hizi nafunga kila kitu."

Maneno yangu yote ya njiani yalikuwepo. Sikuhitaji ruhusa ya mtu kuyasema.

"Huenda, ami," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akanimiminia kahawa nyengine.