Kopo ya Chisense na Maulizo ya Mujukuu Wangu

Mujukuu wangu aliniambia nilete kitu kimoja cha nyumbani, chochote, kisiwe cha kupendeza. Nilileta kopo yangu ya kupimia chisense, ile samaki ndogo tunayoianika juu ya mchanga, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mulango. Kama ningejua itanifikisha wapi, ningeleta kijiko.

Mujukuu ndiye alianzisha kikundi cha michezo ya kuigiza cha bamama kwenye kanisa letu, hapa Kashikishi. Amezaliwa upande huu wa ziwa; mimi nilivuka kutoka Kongo. Kibemba ndicho kinamutoka kwanza mudomoni. Kiswahili ni cha kuongea na mimi, na wanunuzi wanaovuka kutoka Kongo. Kila mwaka makanisa ya mwambao yanakutana, na kila mwaka kanisa letu linatoa kwaya. Safari hii komiti ya kanisa ilimuambia: Jumapili njoo utueleze mchezo wenu utakuwa juu ya nini. Si mchezo wote, muzizi wake tu. Mukikosa, nafasi inarudi kwa kwaya, na kikundi tunakifunga. Mukubwa wa kwaya alikuwa ameanza kuchagua nyimbo. Mutoto akakonda kwa jambo hilo, na mimi sipendi kuona mutu anakonda.

Basi tukakaa juu ya mikeka nyuma ya kanisa. Wengine ni wake wa wavuvi wa hapa hapa. Wengine ni wakimbizi kama mimi, wanaolima muhogo na kuuza vitu vidogo. Mujukuu akaweka kopo katikati.

"Hii ni nini, Nkambo?" Nkambo ni bibi, ndivyo anavyoniita.

"Kopo."

"Iko ya nani?"

"Yangu."

"Na hapa chini ilipondeka namna gani?"

"Mutu aliikalia mu mashua tukitoka kisiwa cha Chisenga. Mwanaume munene."

"Na kisha?"

"Kisha nini? Akaamuka."

Bamama wakacheka mpaka mumoja akaegemea ukuta. Mujukuu hakucheka.

"Nkambo, ongeza kidogo."

"Niongeze nini? Ni hivyo."

Nilikuwa simufanyii jeuri. Sisi tuliovuka tukikimbia vita tumejua maulizo ya biro ya wakimbizi. Unaulizwa ulitoka wapi, na nani, siku gani, kwa nini. Mwaka wa kufuata unaulizwa tena na mutu mwingine, na maneno yako lazima yafanane na ya kwanza, kwani ukigeuza neno moja dosye yako, ile faili ya karatasi zako, inalala. Kwa hiyo tunajibu mafupi na tunafunga mudomo. Mama mumoja wa kutoka Pweto alipoulizwa juu ya kitambaa alicholeta, alianza na tarehe ya kuvuka mupaka. Hakuna aliyemuuliza hiyo.

Mujukuu akachukua kopo, akamupa muke kijana wa muvuvi aliyekaa mbali na mimi.

"Bon. Sasa haiko ya Nkambo. Iko ya mutu mwingine, hatumujue. Musiniambie ile ilifanyika. Muniambie ile inaweza kufanyika."

"Huo ni uongo," nikasema.

"Weye nawe!" Huyo ni mama wa Puta, anauza mafuta ya mawese, na mudomo wake hauna mulango. "Pasta akisema kulikuwa mutu mumoja, unamuulizaka jina yake? Unamuombaka kipande ya utambulisho?"

Nikavuta kitambaa changu nikakaa vizuri.

"Tuanze na macho," mujukuu akasema. "Hii kopo iko na nini ya ajabu?"

"Kitako kimeingia ndani," akasema yule kijana aliyeishika.

"Kitako kikiingia ndani, inakuwa nini?"

"Inabeba kidogo."

"Na kama mutu alikiingiza kwa makusudi, na nyundo?"

Hapo watu wakatazama chini. Hakuna mwanamuke wa soko la samaki asiyejua kopo za namna ile. Ya kwangu ina bonde, ni kweli, lakini siku zote ninaongeza matabishi juu, ile nyongeza ya bure, mukono muzima, na wateja wangu wanajua.

"Nani ameishika leo?" mujukuu akauliza.

"Mwizi!" akasema mama wa Puta.

"Kama ni mwizi toka mwanzo, sisi tunangojea nini? Akamatwe, twende kulala. Nani anaweza kuishika na hajue?"

Wakafikiri. Muke wa muvuvi akageuza kopo mukononi. "Mukwe," akasema polepole. "Mamamukwe amekufa. Amemuachia nafasi yake ya soko, na kopo."

"Anataka nini?"

"Kula."

"Sisi wote tunataka kula. Yeye, leo, anataka nini?"

"Wateja wa yule mufu wabakie kwake. Walikuwa wanamupenda sana. Wakiondoka, watoto wake watakosa."

"Nini inamuzuia?"

"Anaosha kopo, anaona alama za nyundo."

"Ainyooshe, basi!" akasema mama wa Puta. "Dakika moja na jiwe. Mchezo umekwisha."

Sijui ni nani aliyenifungua mudomo. "Akiinyoosha," nikasema, "wateja wataona leo samaki inazidi ya jana. Watauliza ya jana ilikuwa nini. Atazika mamamukwe mara ya pili, na safari hii bila wimbo."

Mujukuu akanitazama, lakini hakunisifu. Aliendelea kama fundi anayeona muti unaanza kupasuka vizuri.

"Na asiponyoosha?"

"Jana hakujua. Leo anajua. Mwizi ni yeye."

"Na kwa nini leo? Kwa nini asingoje mwezi ujao?"

Yule wa Pweto, wa tarehe, akainua mukono. "Leo ndiyo siku ya kwanza anauza peke yake. Na muteja wa kwanza ni dada ya mufu."

Bamama wakapiga yowe. Mujukuu akafumba macho, akaikusanya yote kwa mara moja: mukwe anarithi nafasi ya sokoni ya mamamukwe aliyependwa na wote, anataka wateja wale wabaki ili alishe watoto, lakini anagundua kopo aliyoachiwa iligongwa ili kuiba, akiinyoosha anaharibu jina la mufu, akiiacha anakuwa mwizi, na dada ya mufu amekwisha kufika na beseni yake. "Huu ndio muzizi," akasema. "Mwisho tutautafuta. Hauna haraka. Kama uchaguzi ni mugumu, mwisho utakuja."

Nilirudi nyumbani na kopo yangu kwapani, nikiwa na furaha ambayo sikuitafuta.

Soko halina siri. Asubuhi mununuzi wangu wa zamani, mama anayevuka kutoka ng'ambo na magunia, alifika kwenye meza yangu. Kila mara anasalimia, anafungua gunia, ninapima. Safari hii alichukua kopo yeye mwenyewe, akaingiza vidole, akagusa kitako.

"Mama, ninasikia kopo yako iko na hadithi."

"Kopo yangu iko na chisense. Unanunua?"

"Ni weye mukwe, ao ni weye mamamukwe?"

Jirani yangu wa meza akacheka kama mbuzi anayekohoa. Nikapima, nikaongeza matabishi juu mpaka yanamwagika. Mununuzi akatazama yale matabishi kwa jicho jipya, kama vile nayo ni ushahidi. Akanunua kidogo. Akaenda kununua iliyobaki kwa jirani.

Jioni nikamuambia mujukuu: "Badilisha. Weka kitu kingine."

Hakubisha. Akakaa karibu na moto. "Sawa, Nkambo. Tujaribu. Tuweke chupa ya mafuta. Mukwe anaona nini?"

"Mafuta yametiwa maji."

"Anaweza kufanya nini?"

"Anayamwaga. Ananunua mengine."

"Na nani atajua?"

Nikafikiri. "Hakuna."

"Tuweke mizani?"

"Mizani inatengenezwa. Atasema iliharibika yenyewe, na watu wataamini." Nikakoroga ugali kwa nguvu zaidi kuliko unavyohitaji. Niliona mwenyewe. Kile kitako ndicho kinamufunga yule mwanamuke. Ukigeuza kopo kinaonekana, kinanyooka kwa jiwe, na kikinyooka kinasema. Ukikiondoa, hana cha kuchagua, na sisi hatuna cha kutazama.

"Nkambo," akasema, "kopo ni yako na jina ni lako. Ukisema hapana, nitaiacha. Kwaya itaimba."

Alisema hivyo bila kulia, na ndiyo iliniuma. Kama angelia ningemukaripia, tukalala. Nikamuambia ale kwanza.

Nilikaa nikiwaza. Kwenye biro kila jibu lilikuwa la kulinda kitu nisikipoteze. Pale juu ya mukeka nilijibu, na kikaja kitu ambacho hakikuwa changu wala cha mutu yeyote, na bado kilikuwa kweli. Sina neno zuri la jambo hilo. Mimi sikusoma. Lakini ninajua samaki iliyokauka na ile iliyolowa ndani, na kile kitu kilikuwa kimekauka vizuri.

Jumapili komiti ilikaa mbele. Mujukuu aliposimama nikamuambia aketi, nitasema mimi. Kama ni kunitazama, wanitazame mara moja, wamalize. Nikawaeleza mukwe, na mufu, na nyundo, na dada mwenye beseni. Mzee mumoja wa komiti akajisogeza kwenye kiti.

"Mama, samahani. Hii kopo tunayosikia sokoni, si yako?"

"Ya kwangu iko nyumbani, baba, njoo na samaki yako uipime. Huyu ninayesema hana nyumba. Ukimutafuta sokoni hutamupata."

"Na atafanya nini? Atainyoosha?"

"Wewe ungefanya nini?"

Akafungua mudomo. Mama aliyekaa karibu naye akamujibia, mwingine akamubishia, na kwa muda komiti nzima ilikuwa inagombana juu ya mwanamuke ambaye hayuko. Mukubwa wa kwaya alikunja karatasi yake ya nyimbo akaiweka mufukoni. Walitupa nafasi.

Yule mununuzi wa ng'ambo hajarudi kwangu. Ananisalimia kwa mbali. Na kuna jambo ambalo sikuliona mbele: sasa siwezi kunyoosha kopo yangu. Zamani ningeweza siku yoyote, kwa jiwe, sikujali. Leo nikiinyoosha soko lote litasema, mumemuona, ameogopa. Nisiponyoosha, vidole vinaendelea kuingia ndani na kugusa kitako. Ninapima, ninaongeza matabishi, na ninajisikia ninaongeza kama mutu mwenye hatia.

Nilimuambia mujukuu hayo tukiwa tunaanika. Aliacha kutandaza samaki.

"Kwa hiyo yule mukwe," akasema, "asubuhi, akishika kopo, anasikia nini?"

"Mukono unakuwa muzito," nikasema. "Na anawachukia wateja wote, hata wale wazuri."